"Tumalize" Ni Kazi ya Nani?

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 niliandika imeli ya mistari minne iliyonigharimu shilingi 8,000. Bado naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilipoituma nilijiona nimeandika vizuri sana.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wetu wengi hulipa kwa tili. Ninafanya kazi na watu watatu: Wanjiru ni keshia, Mzee Otieno anashika stoo, na Halima ni mhasibu anayekuja Jumatatu na Jumatano. (Majina si yao.) Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025 niliwatumia hivi:

"Hamjambo wote. Naomba tumalize mambo ya tili ya Julai mapema ili tusisumbuke na KRA. Taarifa ichukuliwe, ilinganishwe na risiti, kisha ripoti iletwe. Asanteni kwa ushirikiano."

Wote watatu walijibu "Sawa". Tarehe 19 jioni, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha VAT, niliuliza ripoti iko wapi. Wanjiru alikuwa amepakua taarifa ya tili, ikaishia tarehe 29 kwa sababu aliipakua kabla mwezi haujaisha. Halima alikuwa anangoja taarifa kamili. Mzee Otieno alidhani mambo ya tili ni ya ofisini, hayamhusu mtu wa stoo. Usiku wa tarehe 20 niliketi peke yangu, nikajumlisha pesa zote zilizoingia, nikawasilisha.

Wiki mbili baadaye tuligundua kuwa mteja mmoja wa mabati alikuwa amelipa shilingi 58,000 mara mbili, na malipo ya pili tukamrudishia. Kwenye taarifa, pesa za kurudishwa hukaa katika safu ya zilizotoka. Mimi nilijumlisha safu ya zilizoingia tu, kwa hivyo nikahesabu mauzo ambayo hayakuwepo. VAT ya asilimia 16 iliyo ndani ya 58,000 ni 8,000 kamili. Ndiyo, ritani inaweza kurekebishwa, lakini kurekebisha ni kazi nyingine, na kabla ya hapo tulikuwa tumeshalaumiana vya kutosha.

Nilikuwa tayari kusema wafanyakazi wangu ni wazembe. Kisha nikaisoma tena ile imeli, na maoni yangu yakabadilika. Kosa lilikuwa kwenye vitenzi vyangu.

Angalia vilivyo: tumalize, ichukuliwe, ilinganishwe, iletwe. Kuna kazi nne na hakuna mtu hata mmoja. Kiswahili chetu kinapenda adabu, na adabu hiyo tunaiweka kwenye "tu" ya mwanzo wa kitenzi. Ukisema "tumalize" unasikika kama mwenzao, si kama mkubwa anayeamrisha. Sina shida na hilo tukiwa tunapiga stori dukani. Ila kwenye imeli ya kazi, "tu" inamficha mfanyaji, na kila msomaji anabaki huru kuamini kwamba anayesemwa ni yule mwingine. "Ichukuliwe" ni mbaya zaidi, maana haina hata huyo "sisi" wa kushuku.

Kwa hivyo siku hizi naandika imeli jinsi inavyokuja kichwani, halafu kabla ya kutuma narudi kutafuta vitenzi tu. Kila nikikuta chenye "tu" mbele au "-we" nyuma, najiuliza: nani? Jibu lazima liwe jina moja. Majina mawili kwenye kazi moja yanarudisha shida ile ile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Wanjiru atamngoja Halima na Halima atamngoja Wanjiru. Kama kazi inahitaji watu wawili kweli, basi huenda ni kazi mbili na hujazitenganisha.

Septemba nilijaribu tena, sasa nikiwa na majina. Ilikuwa nafuu, lakini tarehe zikanishinda. Niliandika "Ijumaa kabla ya saa 4". Mimi nilimaanisha jioni, nikifuata saa ya simu yangu. Mzee Otieno, ambaye husoma saa kwa Kiswahili kama wengi wetu, alielewa saa nne asubuhi, akaacha kupokea simiti iliyokuwa getini ili awahi. Wanjiru naye alielewa kama mimi. Imeli ilikuwa moja na watu wakasoma nyakati mbili zenye tofauti ya saa sita. Tangu hapo naandika saa kumi jioni (16:00), yote mawili, na siku ya wiki pamoja na tarehe. "Mapema", "haraka" na "wiki ijayo" nimeyaacha. "Mapema" ya mhasibu anayekuja mara mbili kwa wiki si sawa na "mapema" ya keshia anayeshinda dukani.

Jambo la tatu lilinichukua muda kulielewa. Neno "ripoti" halielezi kitu. Halima aliniletea kurasa sita nzuri za maelezo, na nilichotaka ni namba tatu na orodha ya miamala isiyo na risiti. Alikuwa amefanya kazi, tena usiku, lakini si ile niliyoihitaji. Sasa naeleza kitu chenyewe kama ninavyotaka kukiona kwenye skrini: ni faili gani, safu zipi, nini kiwe juu. Ukishindwa kukieleza hivyo, huenda wewe mwenyewe bado hujui unataka nini, na hilo ni bora ulijue kabla ya kutuma.

Hii ndiyo imeli niliyotuma Jumatatu tarehe 3 Novemba.

"Kichwa: Ulinganisho wa tili ya Oktoba, unakamilika Jumatano 12 Novemba

Hamjambo wote. VAT ya Oktoba mwisho ni Alhamisi 20 Novemba. Kabla ya hapo nataka tujue kila malipo ya tili ni ya risiti gani.

Wanjiru: pakua taarifa ya tili ya kuanzia tarehe 1 hadi 31 Oktoba, tarehe 31 ikiwemo, kwa Excel. Iweke kwenye folda yetu na Halima kufikia Jumatano 5 Novemba, saa kumi jioni (16:00). Siku hiyo hiyo mpe Mzee Otieno vitabu vya risiti vya Oktoba.

Mzee Otieno: tafadhali pitia risiti hizo, uandike kila moja ambayo bidhaa hazikutoka stoo au zilirudishwa. Nahitaji namba ya risiti, tarehe na kiasi, kwenye karatasi moja. Ipige picha umtumie Halima, na vitabu umwachie dukani, kufikia Ijumaa 7 Novemba, saa sita mchana (12:00).

Halima: linganisha taarifa na risiti. Nataka faili moja ya Excel yenye safu tano: tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya risiti, maelezo. Juu kabisa weka pesa zilizoingia, zilizorudishwa kwa wateja, na mauzo halisi. Muamala usio na risiti uache wazi, usikisie. Kufikia Jumatano 12 Novemba, saa kumi jioni (16:00).

Mimi nitaisoma Alhamisi 13 na kuwasilisha kwa iTax Jumatatu 17. Ukikwama, nipigie siku hiyo hiyo. Leo kila mmoja anijibu kwa mstari mmoja: unaleta nini, na lini."

Kuna mambo machache humo ambayo hayaonekani kwa haraka. Ule mstari wa vitabu vya risiti ulitokana na Septemba pia: Mzee Otieno alikuwa na kazi na tarehe, lakini vitabu vilifungiwa kwenye droo ya Wanjiru. Kazi ya mtu wa pili ikitegemea kitu kilicho mkononi mwa wa kwanza, kukabidhi nako ni kazi, na kuna mwenyewe. Tarehe nilizipanga nikirudi nyuma kutoka tarehe 20, nikiangalia siku za Halima. Zile siku tatu kati ya Jumatatu 17 na Alhamisi 20 niliziacha wazi makusudi, kwa sababu kuna kitu huharibika kila mwezi. Ukichelewa kuwasilisha VAT, adhabu ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, chochote kilicho kikubwa zaidi, kwa hivyo sipangi kazi iishie siku ya mwisho.

Na folda ile ni ya watu watatu, si wanne. Taarifa ya tili ina data za wateja, na Mzee Otieno hahitaji kuziona ili kukagua risiti zake. Tukiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mimi sioni sababu ya kumtumia kila mtu kila kitu eti ndiyo uwazi. PIN ya tili nayo haingii kwenye imeli hata siku moja. Kama keshia hana ruhusa ya kupakua taarifa, mwombe anayesimamia akaunti ampe yake, kabla hujampa kazi.

Lile ombi la kujibu kwa mstari mmoja lina maana kubwa kwangu kuliko sehemu nyingine zote. "Sawa" haikuambii mtu ameelewa nini. Asubuhi ile Halima alijibu: "Faili ya mauzo ya tili, Jumatano tarehe 12." Nikagundua hajataja zilizorudishwa, nikampigia, tukamaliza kwa dakika mbili. Hiyo ndiyo 8,000 yangu ya Agosti iliyokuwa inataka kutoka tena.

Wapo watakaosema imeli kama hii ni ya kibosi mno kwa duka dogo. Nilihofia hilo hasa kwa Mzee Otieno, ambaye ni rika la baba yangu. Ndiyo maana kuna "tafadhali" kwake, na nilimpigia simu kwanza kumweleza. Lakini adabu naiweka kwenye salamu na kwenye simu, siyo kwenye tarehe. Alichoniambia mwenyewe ni kwamba ile ya Agosti ndiyo ilimkosea heshima, kwa vile alilaumiwa kwa kazi ambayo hakuna aliyemwambia ni yake.

Siyo kila kazi inataka urefu huu. Nikitaka Wanjiru abadilishe bango la namba ya tili, namwambia tukiwa kaunta. Imeli ya namna hii naiweka kwa kazi inayopita mikono miwili au zaidi, au yenye tarehe isiyosogea. Na hata hapo naikagua kwa simu kabla ya kutuma: kama Wanjiru lazima ateremshe skrini mara tatu ndipo aone jina lake, nimeandika mengi mno.

Faili ya Halima ilifika Jumatano tarehe 12 saa tisa alasiri. Miamala miwili ilikuwa haina risiti, na safu yake ameiacha wazi kama nilivyoomba. Mmoja tulimpata mteja wake siku iliyofuata. Wa pili, wa shilingi 3,200, bado tunautafuta, na jina lililo mbele yake kwenye orodha ni langu.