Hela Iliyoingia kwa Makosa Si Okoto



Kijana mmoja wa Kasulu, muuza maharage, alinifuata baada ya Isha na simu mkononi. Zilikuwa zimeingia shilingi 2,400,000 kutoka kwa wakala wa Kibondo asiyemjua. Akaniuliza, "Shehe, hili si okoto? Nitangaze mwaka mzima, mwenyewe asipotokea nitumie?"

Nikamwambia, mwanangu, okoto ni mali ambayo mwenyewe hajulikani. Huyu jina lake liko kwenye ujumbe, na mtandao umehifadhi muamala. Hiyo ni amana. Ukishajua si yako, ukainunulia hata gunia moja la maharage, umepora, na gunia likiliwa na wadudu utalipa wewe. (Siku hizi kila kinachoingia tunakiita riziki!)

Tukiwa hapo simu ikaita: "Hela yangu nimekosea, irudishe kwa namba hii." Namba ilikuwa nyingine. Huenda ni wakala mwenyewe, lakini tungejuaje? Amana ukimpa asiye mwenyewe bado unadaiwa, utalipa mara mbili. Kwanza angalia salio, maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo. Likiwa kweli limeongezeka, piga 100, huduma kwa wateja waurudishe muamala ulikotoka.

Tukapiga. Kesho yake hela ikaondoka. Wakala akampigia huku analia, akamtumia 50,000 ya shukrani. Kijana akarudi kuniuliza kama ni halali. Ni halali, kwa sababu hakuidai kama sharti la kurudisha.