Msituite Kutoa Maoni Wakati Mnatutaka Tufanye Kazi

Mwaka jana tuliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Jinja, wakimbizi ishirini na kitu, kuja "kutoa maoni" juu ya tovuti mpya ya shirika. Sitalitaja jina. Tulipewa soda, chapati mbili na karatasi yenye nyuso tatu: inayocheka, iliyonyamaza na iliyonuna. Tulishika simu zetu wenyewe, tukachoma bando letu wenyewe, tukajaza fomu ya kuomba mafunzo, tukatia alama kwenye uso. Saa tatu zikaisha. Jioni picha zetu zikapanda mtandaoni: jamii imeshirikishwa.

Mimi nafanya kazi ya kutesti tovuti. Ninaijua kazi hiyo ninapoiona, na siku ile niliiona. Kilichokosekana ni malipo tu. Na tuseme ukweli wote: sisi nasi tulikosa kitu. Wengi wetu tuliandika kwenye ile karatasi maneno matatu, "fomu haifanyi kazi", tukaenda zetu nyumbani.

Nianze na hilo letu.

Wiki mbili baadaye jirani yangu wa Walukuba, nimwite Mama Neema, akanijia na simu yake ya Tecno. "Kaka, hii fomu yao nimebonyeza kitufe cha kutuma mpaka kidole kinauma. Hakuna kitu." Alishampigia mtu wa ofisi, naye akamjibu kwa upole kabisa kwamba amejaribu kwenye laptopu yake na inafanya kazi. Basi Mama Neema akabaki akidhani shida ni yeye, au simu yake ya bei rahisi.

Tulikaa barazani na ile simu. Jambo la kwanza katika kazi hii ni kutoamini neno "hakuna kitu". Kitu huwa kinatokea, ila hukioni. Nikamwambia abonyeze tena, kisha tukapandisha ukurasa hadi juu kabisa. Huko, juu ya sehemu ya kwanza ya fomu, kulikuwa na mstari mwekundu: namba ya kitambulisho si sahihi. Kitufe kiko chini, onyo liko juu, na skrini ya simu inaonyesha kipande kidogo tu cha ukurasa. Kwenye laptopu ya yule mtu wa ofisi, vyote viwili vinaonekana kwa pamoja. Wala hakusema uongo, kwake kweli inafanya kazi.

Sasa kwa nini namba si sahihi? Hapo unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukiacha vingine vyote vilevile. Ukibadilisha simu, brauza na namba kwa mpigo, hutajua kipi kimeleta tofauti. Namba ya ukimbizi ya Mama Neema ina kistari. Tukatoa kistari: ikakataa. Tukaandika herufi kubwa na tarakimu za kubuni, jumla 14, bila maana yoyote: ikapita, ukurasa wa pili ukafunguka. Tukaishia hapo, hatukutuma, maana taarifa za uongo hazitumwi kwenye fomu ya watu. Tukajaribu 13: ikakataa. 15: ikakataa.

Raia wa Uganda ana namba ya taifa, ile NIN, na ina herufi na tarakimu 14. Fomu ya mafunzo ya wakimbizi ilikuwa imejengwa na mtu aliyekuwa na kitambulisho cha raia kichwani. Kila mkimbizi aliyeandika namba yake halisi alikuwa anarudishwa mlangoni, tena bila kuambiwa. Na ofisini pengine walikuwa wanasema wakimbizi hawaombi mafunzo.

Hizo ni hitilafu mbili, na ripoti moja hubeba hitilafu moja. Ukizichanganya, fundi atarekebisha ile rahisi, atafunga ripoti, na ile nzito itabaki. Ripoti ya kwanza niliiandika hivi:

Kichwa: Fomu ya maombi inakataa namba ya ukimbizi, inapokea herufi na tarakimu 14 tu.

Kifaa: simu ya Tecno, Android, brauza ya Chrome, data ya simu, bila VPN. Kwenye laptopu matokeo ni yaleyale.

Hatua: 1. Fungua ukurasa wa maombi. 2. Jaza jina, simu na tarehe ya kuzaliwa. 3. Kwenye aina ya kitambulisho chagua "mkimbizi". 4. Andika namba kama ilivyo kwenye kadi, pamoja na kistari. 5. Bonyeza kitufe cha kutuma.

Nilichotegemea: ukurasa wa pili ufunguke.

Kilichotokea: ukurasa haubadiliki, juu kabisa panatokea onyo kwamba namba si sahihi. Imetokea mara 5 kati ya 5. Namba yoyote ya herufi na tarakimu 14 inapita, hata ya kubuni.

Athari: mwenye kitambulisho cha ukimbizi hawezi kuomba, na hakuna njia nyingine kwenye ukurasa.

Basi. Hakuna "tafadhali mtusaidie", hakuna "tovuti yenu ni mbovu". Angalia kichwa: mtu akisoma mstari ule mmoja tu, tayari anajua nini kimeharibika na wapi. Angalia ile "mara 5 kati ya 5": inamwambia fundi kwamba si mtandao wa Walukuba uliokatika. Ile hatua ya 3 ndiyo watu huiruka, kwa sababu mkono huifanya bila kufikiri. Na ukiiruka, fundi ataacha "raia" ambalo limeshachaguliwa, ataandika namba yake, itapita, naye atakujibu kwamba haoni tatizo. Kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine afuate hatua zako bila wewe kusema neno. Mimi huwa nampa mdogo wangu, mvivu kabisa. Akikwama, ripoti bado haijaiva.

Ripoti ya pili ilikuwa fupi, juu ya lile onyo linalojificha. Nikaambatanisha video ya skrini ya sekunde 20, na kwenye video nilitumia namba ya kubuni. Msirekodi kadi ya jirani, jamani, hata akikuruhusu. Video ikishatoka haina wa kuirudisha.

Sasa zamu yenu, ndugu zetu wa mashirika.

Mnaleta mafunzo ya dijitali kambini, miezi mitatu, cheti chenye rangi, kisha mnatuambia kazi ziko mtandaoni. Ziko, kweli. Kuna uTest, kuna Test IO, kuna Testlio, na kujiandikisha uTest hakulipiwi hata shilingi. Anayekudai ada ya kuingia, au anayekutaka uweke pesa kwanza ili ufunguliwe kazi, huyo ni mwizi, funga ukurasa. Lakini mwalimu wenu alituambia kazi inavyolipwa? Kwenye miradi mingi ya namna hii hulipwi saa zako, unalipwa hitilafu iliyokubaliwa. Watu wawili wakiripoti jambo lilelile, aliyetangulia ndiye anayepata. Mwaliko wangu wa kwanza niliukalia usiku mzima, bando la shilingi 5,000, ripoti nne. Mbili zilikuwa zimeshaandikwa na wengine, moja ilikuwa kwenye orodha ya hitilafu zinazojulikana, orodha ambayo sikuisoma. Moja ikapita. Siku hizi nasoma orodha ile kwanza, na nikichelewa kuufikia mradi sianzii ukurasa wa mbele ambako wote wamejaa. Naanzia kwenye kubadilisha nywila, kurudi nyuma katikati ya malipo, kukata data wakati fomu inatumwa.

Mialiko inategemea nchi yako, lugha zako na vifaa ulivyovitaja kwenye wasifu. Basi taja simu ile ya zamani yenye ufa, taja Kiswahili, Kinyarwanda, Kilingala. Na zima VPN! Hapa Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021, kwa hiyo wengi wetu VPN inawaka kutwa na tumeshaisahau. Unaingia kwenye mradi wa Uganda huku mtandao unakuona uko Uholanzi. Watadhani unadanganya mahali ulipo, na akaunti inaweza kufungwa kwa jambo hilo.

Halafu pesa. Akaunti ya PayPal ya Uganda inatuma hela nje, kupokea haipokei. Njia nyingine zinataka kitambulisho, na jina lilingane herufi kwa herufi. Kampuni moja ilikataa kadi yangu mara mbili kabla ya kukubali barua nyingine. Anayekushauri upokee kwa jina la binamu aliye Nairobi anakuwekea mtego: siku wakikuuliza kitambulisho, hela inakwama pale pale. Uliza njia ya malipo kabla hujagusa mradi. Hili halikuwa kwenye cheti.

Mimi kilichonilisha zaidi ni kazi za karibu. Nilikwenda Mbale kumwona dada yangu, kwenye teksi ile ya Iganga na Tirinyi, njiani nikafungua tovuti ya nyumba moja ya wageni. Kalenda yao ilinikubalia kuondoka kabla ya siku ya kufika. Nikaandika ripoti moja, nikampelekea mwenye nyumba bure, nikamwambia: nyingine kama hii nitazitafuta kwa siku mbili, kwenye simu tatu tofauti, shilingi 60,000, nusu kwanza, kwa pesa za simu. Akakubali. Nilimletea kumi na moja. Milango ya ndani sikugusa, wala nywila za watu. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, na mkimbizi aliyeingia mahali bila ruhusa hatapata nafasi ya kueleza kwamba alikuwa anatesti. Ruhusa nilimwomba mwenye nyumba aiandike kwenye ujumbe, nikautunza.

Mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane alilipa. Shirika lenye magari sita uani lilitoa chapati. Msiniambie bajeti haina kifungu. Kampuni iliyojenga tovuti ile haikulipwa kwa soda. Mnapoandika mkataba na fundi, andikeni humo watu watano wa kuijaribu, wenye simu kama za Mama Neema, walipwe kwa siku, si kwa hitilafu, maana anayekuta fomu ni nzima naye amefanya kazi. Na mtupe anwani ya kupeleka ripoti, yenye mtu anayejibu.

Ripoti zangu mbili nilizituma kwa ile anwani ya maoni. Baada ya siku 19 fomu ikaanza kupokea namba ya ukimbizi. Mama Neema akaomba mafunzo ya ushonaji, ila muda wa maombi ulikuwa umepita kwa siku nne. Lile onyo jekundu bado liko juu, nimeliangalia leo asubuhi.