Meseji mbili na barua moja: namna ya kumdai mteja bila kugombana

Ndugu zetu, wengi wetu hapa Durban tunajua kazi kuliko tunavyojua kudai. Ukuta tunapiga lipu, vigae tunapanga, nyumba tunasafisha hadi inang'aa. Kazi ikiisha na mteja akianza kusema "wiki ijayo", tunapotea. Kuna wanaonyamaza kwa aibu mpaka deni linazeeka. Kuna wanaonyamaza miezi miwili, halafu siku moja wanaamka na kutuma voisi ya matusi saa tano usiku. Njia zote mbili hazileti hela. Huku nyumbani wanasubiri ada ya shule, na wewe unakwenda kwa mashonisa kukopa ili utume, unalipa riba kwa sababu mtu mwingine amekaa na hela yako.

Sisi tunaona hivi: kudai kunahitaji hatua tatu tu, na kinachopanda kila hatua si sauti. Kinachopanda ni uwazi. Tarehe inazidi kuwa kamili, na kitakachofuata kinazidi kuwa wazi. Adabu inabaki ile ile tangu meseji ya kwanza mpaka barua ya mwisho.

Tuchukue mfano wa fundi vigae anayekaa Albert Park. Amepata kazi kwa mzee wa kwetu, Mswahili mwenzetu, anayefungua mgahawa upande wa Point. Wamekubaliana randi 150 kwa kila mita ya mraba, na sakafu ni mita 48. Jumla ni randi 7,200. Mzee ametoa advansi ya randi 2,700, imebaki 4,500. Kazi imeisha Jumamosi tarehe 3 Mei. Siku hiyo hiyo fundi ametuma invoisi wasapu, ameandika namba yake, kazi iliyofanyika, advansi iliyolipwa, salio, namba ya akaunti, na siku ya mwisho ya kulipa: Jumamosi tarehe 10 Mei. Tarehe 10 imefika, kimya.

Tumechagua mfano wa mtu wa kwetu kwa makusudi, maana huyo ndiye mgumu kumdai. Mnakutana msikitini au kanisani, mnakutana msibani. Ukimdai, ataonekana amevunjiwa heshima. Usipomdai, wewe ndiye umevunjika.

Meseji ya kwanza inakwenda Jumatatu tarehe 12, siku mbili baada ya muda kupita. Usingoje mwezi. Kazi ya meseji hii ni moja: kumpa mteja nafasi ya kuwa alisahau. Wengine wamesahau kweli, na wengine wanahitaji mlango wa kutokea bila aibu. Inaandikwa hivi:

"Shikamoo mzee. Natumaini mgahawa unaendelea vizuri. Nakukumbusha tu invoisi namba 14 ya vigae, salio randi 4,500, ambayo ilikuwa ilipwe Jumamosi tarehe 10. Nimeiambatanisha tena hapa isikupotee. Kama umeshalipa, samahani kwa usumbufu, nitumie uthibitisho wa benki. Ahsante."

Angalia kilichokosekana. Hakuna mama mgonjwa, hakuna ada ya watoto, hakuna "nisaidie mzee wangu". Hapa tutatofautiana na baadhi yenu, lakini tunasimama hapo. Ukiweka shida zako, deni linageuka kuwa ombi, na ombi hujibiwa na "pole, nami nina shida zangu". Ada ya mtoto ni kweli inasubiri, ila yeye hadaiwi ada. Anadaiwa sakafu mita 48.

Na akituma picha ya uthibitisho wa malipo, usishukuru bado. Hela kutoka benki moja kwenda nyingine inaweza kuchukua siku moja au mbili za kazi, na picha za kughushi zipo nyingi mjini. Tazama akaunti yako mwenyewe. Wala usiahidi nyumbani kwamba utatuma kesho mpaka hela imeingia.

Tuseme mzee amesoma, tiki za bluu zimeonekana, hajajibu. Meseji ya pili inakwenda baada ya wiki moja na nusu hivi, Alhamisi tarehe 22. Hii ina kazi mbili. Kwanza inampa tarehe. Pili inamtaka aseme kwa maandishi kama ana lalamiko juu ya kazi. Wengi huruka hapa, kisha siku ya siku, mbele ya hakimu, ndipo mteja anasema "vigae vilibanduka". Kama kuna dosari ya kweli, bora uijue sasa ukairekebishe. Kama haipo, kimya chake kitazungumza.

"Shikamoo mzee. Nilikuandikia tarehe 12 kuhusu invoisi namba 14, randi 4,500. Leo imepita siku 12 tangu siku ya kulipa na sijapata malipo wala jibu. Kama kuna kasoro yoyote kwenye kazi, tafadhali niambie kwa kuandika kabla ya Jumatano tarehe 28, nije kuiangalia. Kama kazi iko sawa, naomba malipo yote yaingie kufikia Ijumaa tarehe 30 Mei. Ukishindwa kulipa yote kwa pamoja, niandikie utalipa kiasi gani na tarehe gani. Ahsante."

Ile sentensi ya mwisho si udhaifu. Mzee akijibu "nitakupa 2,000 mwisho wa mwezi na 2,500 mwezi ujao", amekubali deni kwa maandishi. Kwa sheria ya Afrika Kusini deni la kawaida kama hili linakufa baada ya miaka 3 usipolifuatilia mahakamani, lakini mdaiwa akikiri kwamba anadaiwa, ile miaka 3 inaanza kuhesabiwa upya. Tangu sheria ya mawasiliano ya elektroniki ya 2002, meseji ya simu inapokelewa kama ushahidi. Basi usifute chati, hata ukibadilisha simu. Na mteja akipenda kujibu kwa kupiga, msikilize kwa heshima, kisha muandikie: "Ahsante mzee kwa simu, tumekubaliana hivi na hivi." Akilipa nusu, pokea, na siku ile ile muandikie salio lililobaki.

Mzee hajalipa tarehe 30. Sasa inakuja hatua ya tatu, na hapa ndipo wengi wetu hukosea: wanatuma meseji nyingine. Ya tatu inatakiwa iwe karatasi. Kabla ya kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ni lazima uwe umempa mdaiwa barua ya madai, kwa mkono au kwa posta ya rejista, na umpe siku 14 za kulipa tangu alipoipokea. Barua hiyo ndiyo kumbusho lako la mwisho na ndiyo tiketi yako ya mahakamani. Iandike kwa Kiingereza, maana karani na kamishna wa mahakama ndio watakaoisoma. Kama Kiingereza chako kidogo, tafuta mtu akusaidie, hata kijana wa sekondari. Maneno yenyewe ni haya:

"Bwana (jina lake kamili na anwani). Tarehe 3 Mei nilimaliza kuweka vigae mita za mraba 48 katika mgahawa wako kwa bei tuliyokubaliana ya randi 7,200. Ulilipa randi 2,700. Salio la randi 4,500 lilitakiwa kulipwa tarehe 10 Mei. Nilikukumbusha kwa maandishi tarehe 12 na 22 Mei. Nakuomba ulipe randi 4,500 ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, nitafungua madai Mahakama ya Madai Madogo bila kukupa taarifa nyingine. Ningependelea tumalize wenyewe, na simu yangu iko wazi. Wako kwa heshima."

Chapa nakala mbili. Ukipeleka kwa mkono, mwambie asaini na kuweka tarehe kwenye nakala yako, na nenda na shahidi mmoja mtulivu, si kundi la vijana. Akikataa kusaini, tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti. Fundi wetu amepeleka Jumanne tarehe 3 Juni, kwa hiyo siku 14 zinaishia Jumanne tarehe 17.

Siku zikiisha bila malipo, unakwenda kwa karani wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa kwetu iko kwenye jengo la Mahakama ya Hakimu. Unachukua barua, uthibitisho kwamba imefika, invoisi, chati zilizochapwa na picha za kazi. Mahakama hii inasikiliza madai yasiyozidi randi 20,000. Wakili haruhusiwi kusimama kwa upande wowote, kwa hiyo mwenye hela nyingi hakuzidi kitu. Kufungua madai ni bure, isipokuwa ukimtumia sherifu kupeleka hati, yeye utamlipa. Tuseme ukweli pia: hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu inaweza kubaki karatasi. Ila mwenye mgahawa unaofanya kazi ana cha kupoteza, na wengine hulipa barua tu ikishafika.

Sasa yale tusiyoyataka. Usirudi usiku kubandua vigae. Vikishawekwa ni sehemu ya jengo, na ukiviondoa bila amri ya mahakama kosa linahamia kwako. Usimtangaze kwenye magrupu. Usijiongezee riba mliyokuwa hamjakubaliana, maana kiasi kikibadilika kila barua unaonekana mwongo. Na usitishe jambo ambalo hutalifanya. Ukiandika "nitakwenda mahakamani" tarehe 17, basi tarehe 18 uwe njiani.

Dada zetu wa kazi za ndani, na nyinyi mnaolipwa kwa siku kwenye saiti, hili tunalisema kwenu: kama yeye ndiye anapanga saa zako na kukusimamia, unachodai ni mshahara, si invoisi. Meseji mbili za kwanza zinafaa vile vile, mkiweka siku mlizofanya kazi. Lakini hatua ya tatu ni kwenda CCMA au ofisi ya Idara ya Ajira na Kazi, ambako pia hulipi kitu. Na bosi akikutisha kwa karatasi zako, jua kwamba mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua kuwa hata mfanyakazi asiye na kibali ana ulinzi wa sheria ya kazi.

Kama una deni la mtu linalokusumbua leo, fungua chati, tafuta tarehe aliyotakiwa kulipa, na uandike meseji ya kwanza. Isizidi mistari sita. Anza na shikamoo.