Neno la Mhariri: Hukumu ya Mzigo Iwe Neno Moja

Mahindi ya Pito, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, yanapofika ghalani, kinachotangulia ni unyevu. Mkaguzi anachoma bambo kwenye magunia, anachanganya sampuli, anaipima, kisha anatoa hukumu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kimeweka ukomo wa asilimia 13.5, kwa kuwa nafaka iliyozidi hapo hupata joto na kuota kuvu ikirundikwa. Toleo hili linahusu programu za maghala, na hoja yangu iko kwenye kisanduku kimoja cha fomu: kile ambamo mkaguzi huandika hukumu.

Fomu nyingi huacha kisanduku hicho wazi, kila mtu aandike apendavyo. Msomaji binadamu haoni tabu. Tatizo ni programu inayofuata, ambayo ikishasoma hukumu inapaswa kuchagua njia: imlipe mkulima, ipange kuanika, au irudishe mzigo. Tuchukue mfano wa mzigo wa magunia 40 wenye unyevu wa asilimia 14.8. Mkaguzi anaandika: “haukukubaliwa, uanikwe kwanza.” Programu imeagizwa kutafuta “kubali” ndani ya maandishi. Inalikuta, kwa kuwa “haukukubaliwa” lina herufi hizo zote kwa mpangilio uleule. Malipo yanatoka. Mzigo wa pili una asilimia 12.9, na mkaguzi anaandika “safi kabisa.” Programu hailioni neno lake, inaangukia tawi la mwisho, na mkulima mwenye mahindi mazuri anaandikiwa kwamba amekataliwa. Hakuna kengele iliyolia popote. Makosa ya namna hii huonekana siku ya kulinganisha fedha na magunia, wakati mzigo umeshachanganywa na mingine.

Dawa ni kukubaliana maneno machache yasiyobadilika, na hifadhidata yenyewe ikatae neno jingine lolote:

```sql
hukumu TEXT NOT NULL
  CHECK (hukumu IN
    ('KUBALI','KAUSHA','CHEKECHA','KATAA','RUDIA'))
```

`NOT NULL` hapo si pambo. Sharti la `CHECK` peke yake huruhusu kisanduku kitupu kipite, kwa kuwa kulinganisha na utupu hakutoi jibu la “si kweli.” Wengi hulisahau hili, kisha hushangaa safu zisizo na hukumu zimeingiaje. Ulinzi huu pia hukamata `'KUBALI '` yenye nafasi mwishoni, ambayo jicho halioni lakini kompyuta huihesabu kuwa neno jingine.

Upande wa programu, tawi la mwisho lisiwe hukumu. Liwe kizuizi:

```python
elif hukumu == "KATAA":
    rudisha(mzigo)
else:
    raise ValueError(hukumu)
```

Neno lisilojulikana lisimamishe kazi na lijitaje, mtu aliangalie.

Wapo wanaopinga kwamba orodha inamfunga mkaguzi mdomo. Hofu yao ina msingi, ila inajibika. Maelezo yapewe kisanduku chake kando, aandike atakavyo, na programu isikiguse. Maneno anayosomewa mkulima nayo yakae mbali na msimbo: leo skrini iseme “Mzigo umekubaliwa,” kesho ibadilishwe, `KUBALI` libaki palepale. DHIS2, mfumo ambao wizara yetu ya afya hukusanyia takwimu, hutenganisha vivyo hivyo jina la chaguo na msimbo wake.

Hatari ya kweli ya orodha ni kuwa fupi mno. Betri ya kipima unyevu ikiisha na foleni ni ndefu, mkaguzi asiye na `RUDIA` atachagua chochote ili fomu ipite, na hapo tutakuwa na uongo uliopangika vizuri. Dalili yake inasomeka: maelezo yanasema “kipimo kimegoma” huku hukumu ikisema `KATAA`. Kwa hiyo maelezo yasomwe kila wiki, na panapojirudia jambo lisilo na neno, neno liongezwe.

Kuongeza nako kuna utaratibu. Tukitaka `SUMUKUVU` kwa mzigo uliozidi ukomo wa mikrogramu 10 kwa kilo wa kiwango hichohicho, programu zote zinazosoma hukumu zifundishwe kwanza. Kisha hifadhidata ilikubali, na fomu ya mkaguzi ioneshe chaguo jipya mwisho kabisa. Ukianza na fomu, mzigo wa kwanza wenye sumu utakataliwa na hifadhidata na mkaguzi atakwama katikati ya msimu; ukianza na hifadhidata na fomu, itakayokwama ni programu ya malipo. Neno la zamani nalo lisifutwe wala kupewa maana mpya, maana safu za mwaka jana bado zinalitumia.

Anayeandika programu ya ghala kwa msimu ujao aanze na karatasi ya maneno haya, aipitie neno kwa neno pamoja na mkaguzi na karani wa malipo, ndipo afungue kompyuta.