Mtoto wa Miezi Mitatu Abaki na Nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua pacha. Mwalimu wa Shelui aliyeanza likizo siku ya kujifungua anarudi darasani mtoto hajatimiza miezi mitatu, na kliniki imemwambia amnyonyeshe maziwa yake tu mpaka miezi 6. Hapo ndipo ushauri wa majirani unapoanza.

“Mpeleke kwa bibi yake, damu ni damu.” Upendo wa bibi sina shaka nao. Lakini kama anaishi Kiomboi, maziwa ya mama aliye Shelui hayatamfikia mtoto. Kitakachofuata ni uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe, na tumbo la umri huo halijawa tayari. Bibi ni chaguo zuri akikubali kuja kukaa Shelui, na akikubali pia kwamba mtoto hapewi hata maji. Jambo hili la pili lizungumzwe mapema, kwa heshima, na ikiwezekana muuguzi wa kliniki ndiye amweleze.

“Akishaanza kazi, maziwa hayatoshi.” Maziwa hupungua matiti yasipotolewa. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Tuseme ananyonyesha saa 12 asubuhi, kisha anakamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji, mahali pasipozidi nyuzi 25, maziwa hayo hukaa saa 4. Joto la Shelui likipanda, yatumike mapema zaidi. Mlezi anampa kwa kikombe saa 3, bila kuyachemsha. Saa 5 mama anakuja kunyonyesha, au mtoto anapelekwa kwake. Mtoto akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito ukipanda kwenye kadi ya kliniki, maziwa yanatosha.

“Chukua kabinti ka kijijini, hakagharimu.” Hapa nasema hapana. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na mtoto hawezi kubeba dhamana ya kichanga kinachopata degedege mama akiwa kazini. Tafuta dada mtu mzima, umlipe mshahara wa kueleweka, na mkae naye nyumbani wiki mbili kabla likizo haijaisha.

“Kituo ni kumtupa mtoto.” Si kweli, ila vituo vingi vimeandaliwa kwa watoto wanaotembea na kula wenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe. Omba kuona cheti, kisha uliza nani hasa atamshika kichanga na maziwa yatawekwa wapi. Wakikosa jibu, subiri akue.

Kwa mama wa Shelui mwenye mtoto wa miezi mitatu, nashauri dada mtu mzima au bibi anayeishi naye, karibu na kazini. Zungumza na mwajiri kuhusu zile saa mbili kabla hujarudi.