"Imekubali" ama "wamekubali"? Kiungo kidogo kinachoweza kubadilisha tangazo zima

Barua pepe nyingi zinazofika redioni ili zisomwe kama tangazo hazitoki kwa mtu mmoja. Zinatoka kwa kamati ya maji, kwa timu ya chanjo, kwa uongozi wa kambi. Ndani yake kuna jambo linalosumbua wasikilizaji: kundi linaandikwa mara kama kitu kimoja, mara kama watu wengi, tena katika barua ileile.

Tuchukue mfano. Tuseme kamati inaandika hivi: "Kamati ya maji ilikutana na wakaaji siku ya Jumatano. Wamekubali kila familia ilipe franka 100 kwa bidoni moja."

Nani alikubali? Katika Kiswahili sanifu, neno kamati linafuatwa na i-: kamati imekutana, kamati imekubali. Wa- ni ya watu. Msikilizaji akisikia "wamekubali", anarudi nyuma kutafuta watu, na watu waliotajwa ni wakaaji. Basi anaelewa kwamba wakaaji ndio waliokubali kulipa. Lakini huenda mwandishi alikuwa akiwafikiria wajumbe wa kamati, na wakaaji walisikiliza tu. Kesho yake mama ambaye hakuwa kwenye mkutano anafika bombani na bidoni yake, anaambiwa: "Ni ninyi wenyewe mlikubali, hata redio ilisema." Angeandika "imekubali", kila mtu angejua kwamba uamuzi ni wa kamati, na malalamiko yapelekwe huko.

Kuchanganya huku kuna sababu. Mdomoni tunasema "kamati wamesema" kwa kuwa tunawajua watu wa kamati kwa sura, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Tena wengi wetu tunaandika ofisini kwa Kifaransa, ambamo kamati hufuatwa na kitenzi cha umoja. Barua za mashirika kwa Kiingereza nazo zinatofautiana: Waingereza huweza kuandika kamati kwa umoja au kwa wingi, Wamarekani hupenda umoja. Mtu anayetafsiri barua hizo haraka haraka anajikuta na vitenzi vya namna mbili.

Kuna shida nyingine ya Kiswahili chenyewe. Neno kamati halibadiliki: kamati moja, kamati tano. Kitenzi ndicho kinachoonyesha idadi. "Kamati imeombwa kuleta orodha kesho" ni kamati moja. "Kamati zimeombwa kuleta orodha kesho" ni zaidi ya moja. Na huku kwetu mara nyingi tunatumia i- kwa zote mbili tukiongea, ama tunasema "makamati" ili wingi usikike. Mwandishi akiandika jinsi anavyoongea, kamati ya kambi ya pili inaweza kufikiri haikuitwa, na orodha yake ikakosekana siku ya mgawanyo. Dawa ni kuandika idadi wazi: "Kamati zote tano zimeombwa."

Wengine watasema kwamba "imekubali" na "uongozi umeamua" ni maneno ya kujificha, kwa sababu yanaondoa watu. Wana haki. Familia iliyofutwa kwenye orodha ikisikia "uongozi umeamua", haijui igonge mlango wa nani. Lakini "wameamua" peke yake haisaidii zaidi, kwani nayo haitaji mtu. Kinachosaidia ni kutenganisha mambo mawili. Uamuzi uliopitishwa na kundi uandikwe kwa umoja: kamati imeamua, timu imemaliza kazi, uongozi umetangaza. Kazi inayofanywa na watu kwa miguu na mikono yao ipewe watu: wajumbe watatu watapita nyumba kwa nyumba, sekretari ataandika majina. Na kama kundi liligawanyika, tusiandike "kamati hawakubaliani". Tuseme wajumbe wangapi walikubali, na wangapi walikataa.

Basi ile barua ya maji, kama ni kamati iliyoamua, ingekuwa hivi: "Kamati ya maji ilikutana na wakaaji siku ya Jumatano. Kamati imeamua kila familia ilipe franka 100 kwa bidoni moja. Wakaaji waliokuwepo waliomba bei ipunguzwe. Prezida na sekretari wa kamati watapokea malalamiko Ijumaa asubuhi, karibu na bomba." Ni mistari miwili zaidi tu, lakini hakuna anayeweza kuitumia kumwambia mama yule kwamba alikubali.

Ninyi mnaotuandikia kwa niaba ya kundi, kabla ya kutuma barua simameni kwenye kila kitenzi na mjiulize: nani? Jibu likiwa watu wawili tofauti, msikilizaji naye atasikia wawili, na atachagua yule anayemfaa.