Kadi ya bathdei ya jirani mzee isisomeke kama fomu ya msaada

Kama umepanga nyumba Ukunda, Diani au Msambweni, huenda mlango wa pili au wa tatu kutoka kwako anakaa mzee peke yake. Mtoto mmoja yuko Mombasa, mwingine yuko Saudia, na huyo wa tatu anapiga simu akikumbuka. Mmezoeana. Sasa unataka kumwandikia kitu siku yake ya kuzaliwa. Wazo zuri, ila nyingi za jumbe tunazowaandikia wazee zinasikika kama hotuba ya mheshimiwa anayegawa unga huku kamera ziko tayari. "Tunakujali bibi yetu, hauko peke yako." Skiza, yeye anajua yuko peke yake. Nyumba ni yake na amechagua kukaa ndani yake.

Tuanze na siku yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika mapema. Ukichungulia kitambulisho cha mtu wa umri huo huku kwetu, mara nyingi utakuta mwaka peke yake, au 1 Januari. Karani alihitaji kitu cha kuandika, akaandika. Wamakonde wa Kwale hata hivyo vitambulisho vya Kenya walivipata 2017, baada ya miaka mingi ya kuhesabiwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Kwa hivyo ukimpelekea mzee hongera ya 1 Januari, unasherehekea kalamu ya karani.

Siku halisi mara nyingi imo ndani ya jina. Juma, Hamisi, Mwanahamisi, Ramadhani, Rajabu, Mwanaidi: mengi ya majina haya alipewa mtoto kwa siku au mwezi aliozaliwa. Chukua mfano wa jirani anayeitwa Mwanaidi, na kitambulisho kinasema 1948 tu. Idi ndogo ya 1948 iliangukia mapema Agosti, na Idi kubwa katikati ya Oktoba. Sasa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hivyo Idi hurudi nyuma kila mwaka. Huyu bibi ukimuuliza atakwambia, "Mimi ni wa Idi ndogo," na hilo linatosha. Mpelekee ujumbe Idi ndogo. Usimsumbue na Agosti, ambayo haimhusu, wala usimwandikie "hongera kwa kutimiza miaka fulani" wakati huo mwaka wenyewe ulikadiriwa.

Namna ya kuuliza pia ni adabu. Usiulize, "Bi, una miaka mingapi?" Muulize jina lake alipewa na nani na kwa nini. Au muulize, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokuwa kikifanya kazi, yeye alikuwa mtoto, mwari au mama tayari? Utapata jibu refu kuliko ulilotaka, na ndani yake utapata la kuandika.

Na usisahau kwamba majirani zetu wengi ni Waislamu, na wapo wasiopenda kabisa habari za bathdei. Wao huona si katika mafunzo yao. Ukimsikia amewahi kuwakemea wajukuu kwa ajili ya keki na mishumaa, acha hilo neno. Mwandikie dua ya umri na kheri. Ujumbe ni uleule, na hautampa kazi ya kukusamehe.

Hapa naomba utulie kidogo. Kuna mizaha ambayo mjini inachekesha, lakini Kwale na Kilifi ina uzito mwingine. Wazee huku wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu wa karibu analitaka. Ndiyo maana "Bi, tuambie siri ya kuishi miaka yote hii" si swali la kuandika kwenye kadi. Wala utani wa mvi, wala "wewe hufi!" Wewe unacheka, lakini kuna mtu mtaani ambaye maneno hayohayo anayasema bila kucheka. Mzee anayeishi peke yake anayasikia yote mawili.

Kwa sababu hiyohiyo, usiiposti. Picha ya mlango wake na maneno "anaishi peke yake, tumpende" inawaambia wezi na wenye njaa ya ploti jambo ambalo hawakuwa na uhakika nalo.

Basi uandike nini? Mimi naona kinachotenganisha heshima na msaada ni mambo mawili. Taja kitu alichokufanyia wewe, na kiwe cha kweli, kidogo, chenye jina. Halafu muombe kitu ambacho yeye anakiweza kuliko wewe. Mtu wa kuhurumiwa haombwi kitu. Ona mfano huu:

"Shikamoo Bi. Ni mimi jirani wako wa mlango wa bluu. Nimekumbuka uliniambia wewe ni wa Idi ndogo. Mwaka huu umenishikia funguo mara nyingi, na yule fundi wa maji bila wewe angekimbia. Mchuzi wa papa napika ulivyonielekeza, lakini tui linanikatikia. Nikuje Jumamosi baada ya Alasiri unionyeshe? Nazi nitaleta mimi. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri wenye afya na kheri."

Hakuna neno "upweke" hapo, hakuna "ukihitaji chochote". Hiyo ya mwisho tunaipenda sana, lakini inamwachia yeye mzigo wa kuja kuomba, na wengi hawaombi ng'o. Kuna siku, kuna saa, na anaweza kukataa. Nazi ni za somo, kwa hivyo hazimdhalilishi. Ukibeba pakiti mbili za unga na sukari siku hiyo, umeifuta barua yote. Unga kama unahitajika, upeleke siku nyingine ya kawaida, kama majirani wanavyopelekeana.

Jambo moja bado: nani atausoma? Inawezekana haoni vizuri, au alisoma chuoni na herufi zake ni za Kiarabu. Basi atamwita mtoto wa jirani amsomee kwa sauti, na nyumba nzima itasikia. Usiandike jambo la dawa zake, madeni yake au mwanawe asiyepiga simu. Andika sentensi fupi zinazosomeka kwa mdomo, herufi kubwa, kalamu nyeusi. Usitumie ile ya dhahabu inayong'aa, haionekani jioni. Kama unatuma kwa simu na yake ni kabambe, ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, na vile viemoji vyako vya keki vinaweza kumfikia kama vibox vitupu. Afadhali karatasi.

Peleka mwenyewe. Piga hodi, subiri aitike karibu, usisukume mlango kwa sababu tu umezoea. Mpe kwa mkono wa kulia, na akitaka usome wewe, soma polepole. Anaweza kucheka, anaweza kunyamaza, anaweza kukwambia tui huwa linakatika kwa sababu unaacha moto mkali na hukorogi. Akikukaribisha chai, kunywa, hata kama umetoka kunywa. Akikufungia mabumunda kwenye gazeti, usiseme "hapana Bi, kaa nayo wewe." Sema asante na uende nayo.